Brazili na Makala Elfu Kumi za Ghafla

Mwezi Mei mwaka 2009, serikali ya Brazili ilikuwa na habari njema ya kuwatangazia wananchi. Mwaka 2007 wanasayansi wa nchi hiyo walikuwa wamehesabiwa makala 19,400 hivi. Mwaka 2008 idadi ikavuka 30,000. Kwa hatua hiyo moja Brazili ikapanda kutoka nafasi ya 15 hadi ya 13 duniani, ikaziacha nyuma Urusi na Uholanzi.

Yeyote aliyewahi kuandika makala ya kitaaluma, akasubiri wahakiki miezi minane, akarudishiwa, akaandika upya, angekuna kichwa kwa hesabu hiyo. Utafiti hauchipui kama uyoga baada ya mvua. Nchi haiwezi kuongeza kazi za watafiti wake kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi 12, hata ikimwaga fedha kama maji.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa daftari la kuhesabia. Takwimu zile zilitoka Web of Science, hifadhidata ya makala za kitaaluma ambayo siku hizo ilikuwa mali ya kampuni ya Thomson Reuters. Katika kipindi hicho kampuni iliamua kuingiza mamia ya majarida ya kikanda, yale yanayochapishwa nje ya Marekani na Ulaya Magharibi na kusomwa zaidi nyumbani kwao. Majarida ya Brazili yaliyokuwemo yakapanda kutoka sitini na kitu hadi zaidi ya mia. Makala zake zilikuwa zikiandikwa miaka yote, nyingi kwa Kireno, na watu wakizisoma. Ila hazikuwa zikihesabiwa. Siku jarida lilipofunguliwa mlango, makala zake zote za mwaka huo zikaingia kwenye jumla ya nchi kana kwamba zimezaliwa leo.

Sisemi ongezeko lote lilikuwa hewa. Brazili ilikuwa kweli inasomesha watu wengi wa shahada ya uzamivu miaka hiyo, na utafiti wake ulikuwa unakua. Tabu ni kwamba ukitazama jumla peke yake huwezi kutenganisha ukuaji wa utafiti na upanuzi wa daftari. Vyote viwili vinaandikwa kwa tarakimu zilezile.

Hesabu ya namna hii ndiyo inayoitwa bibliometria: kupima utafiti kwa kuhesabu machapisho na nukuu, yaani nani kaandika nini, wapi, na nani baadaye kamtaja katika orodha ya marejeleo yake. Vyuo vinaitumia kupandisha watu vyeo, wafadhili wanaitumia kugawa fedha, na wanafunzi wa uzamili siku hizi wanaitumia kama mada ya tasnifu, maana haihitaji maabara wala nauli ya kwenda uwandani. Mimi nimekaa maktabani miaka mingi nikiwasaidia wanafunzi hao. Swali ninaloanza nalo huwa lilelile, nao hulichukulia kama swali la karani tu: umehesabu kutoka daftari gani?

*

Wazo la daftari la nukuu ni la Mmarekani Eugene Garfield. Mwaka 1955 aliandika makala katika jarida la Science akipendekeza faharasa itakayofuata nukuu badala ya mada: ukiijua makala moja, uweze kuona ni nani waliokuja baadaye wakaitaja. Mawakili wa Marekani walikuwa na kitu cha aina hiyo tangu karne ya 19, ili wajue kama hukumu fulani bado inasimama au imeshatenguliwa. Mwaka 1964 taasisi ya Garfield, huko Filadelfia, ikatoa Science Citation Index yake, ikiwa na majarida 613.

Majarida 613 tu kwa dunia nzima! Garfield hakuona aibu, na alikuwa na sababu. Kila nukuu iliingizwa kwa mkono, kwa gharama. Alikuwa pia ameona kwamba majarida machache katika kila fani ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya nukuu, na mengine maelfu yanagawana mabaki. Ukiwa na fedha za kununulia majarida mia sita, nunua yale yanayotajwa sana. Kwa mwanakemia wa mwaka 1964 aliyetaka kujua wenzake wanafanya nini, huo ulikuwa uamuzi mzuri kabisa.

Lakini chombo kilichotengenezwa kutafutia kikageuzwa kuwa chombo cha kupimia, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Anayetafuta akikosa makala fulani, ataipata kwingine. Anayepima akiikosa, anaandika sifuri.

Web of Science ya leo, iliyo chini ya kampuni ya Clarivate, ina majarida maelfu mengi, lakini bado inachuja. Jarida linapimwa kwa vigezo 28. Vigezo 24 ni vya ubora: je, linatoka kwa wakati, lina mapitio ya wataalamu, lina ikisiri za Kiingereza? Likivipita hivyo linaingia orodha ya majarida yanayochipukia, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ili liingie orodha ya juu linahitaji vigezo vinne zaidi, na hivyo ni vya athari: je, jarida lenyewe linanukuliwa, na waandishi na wahariri wake wananukuliwa? Kunukuliwa huko kunatazamwa katika daftari lilelile. Kwa hiyo jarida la Makerere au Nairobi linalonukuliwa sana na majarida jirani yasiyomo litaonekana halina wasomaji. Mgeni anaambiwa alete barua ya utambulisho kutoka kwa mtu aliyeko ndani, naye wote anaowafahamu wako nje naye.

Scopus ilianzishwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2004. Wavu wake ni mpana zaidi: karibu kila jarida lililomo Web of Science limo na humo, pamoja na mengine mengi. Nayo inadai kichwa na ikisiri kwa Kiingereza, na marejeleo kwa herufi za Kirumi. Jarida la Kiswahili tupu halikatazwi kwa sababu ya lugha ya makala zake. Linakwama kama halina ikisiri za Kiingereza. Mwaka huohuo wa 2004 ikaja Google Scholar, ambayo haichagui majarida kabisa. Inatuma programu itambae mtandaoni, ikiokota chochote chenye sura ya andiko la kitaaluma: tasnifu, ripoti, sura za vitabu, mada za makongamano, na wakati mwingine muhtasari wa somo.

Mvuvi wa jarife hana haki ya kusema baharini hakuna dagaa. Na mvuvi wa juya asishangae akikuta mwani, kokoto na kandambili ya mtu humo.

*

Tuone hesabu inavyokwenda kwa mtu mmoja. Nambari zifuatazo nimezitunga ili ziwe rahisi kufuatwa, ila sura yake nimeiona mara nyingi. Tuseme kuna mhadhiri wa elimu ya jamii katika chuo kimoja cha Afrika Mashariki mwenye makala tisa. Chuo kinataka kujua kipimo chake cha h, kile alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Kanuni yake ni nyepesi: panga makala kuanzia iliyonukuliwa sana, kisha shuka. Makala ya kwanza iwe na nukuu angalau moja, ya pili angalau mbili, ya tatu angalau tatu, na kuendelea. Pale makala inaposhindwa kufikia namba ya nafasi yake, rudi hatua moja. Hapo ndipo penye h.

Google Scholar inazijua makala zote tisa, na nukuu zake ni 41, 28, 19, 14, 9, 8, 6, 3 na 1. Ya sita ina nane, inapita. Ya saba ina sita, inashindwa. Kipimo chake ni 6.

Scopus inazijua makala tano tu. Nne nyingine zimetoka katika majarida ya nyumbani ambayo hayamo. Nukuu za hizo tano ni 22, 15, 9, 6 na 3. Ya nne inapita, ya tano inashindwa. Kipimo ni 4.

Web of Science inajua tatu: 14, 9 na 4. Zote zinapita, kipimo ni 3, nacho hakiwezi kuzidi hapo hata kama makala hizo tatu zingenukuliwa mara elfu moja kila moja.

Angalia upotevu ulivyotokea kwa njia mbili tofauti. Kwanza, makala sita hazionekani kabisa kwenye daftari la mwisho. Pili, hata zile zinazoonekana zimepungukiwa. Makala ya kwanza ilikuwa na nukuu 41, ikashuka hadi 22, halafu 14. Ni makala ileile, yenye wasomaji walewale. Ila nukuu huhesabiwa pale tu anayenukuu naye yumo kwenye daftari, na orodha yake ya marejeleo imesomwa. Tasnifu ya mwanafunzi wa Dodoma iliyomtaja mhadhiri wetu haimo Scopus, kwa hiyo kutaja kwake hakukutokea. Wengi hukumbuka upotevu wa kwanza na kusahau huu wa pili, nao ndio mkubwa zaidi katika fani zinazosomwa nyumbani: sheria, historia, elimu, lugha.

Kuna kitu kimoja ambacho wanafunzi wengi hawaoneshwi. Ndani ya Web of Science kuna ukurasa unaoitwa Cited Reference Search. Hapo unaweza kulitafuta andiko ambalo lenyewe halimo kwenye daftari, lakini limetajwa na makala zilizomo. Mhadhiri wetu anaweza kugundua kwamba kitabu chake, ambacho mfumo haukitambui, kimetajwa mara kadhaa, tena kwa tahajia tatu tofauti za jina lake. Nukuu hizo haziingii kwenye kipimo chake cha kawaida. Zinakaa pale zikimsubiri mtu wa kuzitafuta.

*

Baada ya maelezo hayo, msomaji atadhani dawa ni moja: panua wavu, kila mtu apate haki yake. Hapa ndipo Wajerumani na Wafaransa wanapotuletea utata.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wamekuwa wakiliandikia jambo hili tangu mwaka 2001. Mwaka 2011 Anthony van Raan, Thed van Leeuwen na Martijn Visser walitoa makala fupi yenye kichwa kikali kuhusu namna Ujerumani na Ufaransa zinavyoonewa na lugha katika upangaji wa vyuo. Walichokuta ni hiki. Web of Science inayo baadhi ya majarida ya Kijerumani na Kifaransa, hasa ya tiba. Daktari wa Munich anaandika mara nyingine kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kijerumani kwa ajili ya madaktari wenzake wa nchini. Makala ya Kijerumani inahesabiwa kama chapisho la chuo. Lakini wanaoisoma ni wanaojua Kijerumani, na sehemu kubwa yao huandika katika majarida ambayo hayamo kwenye daftari. Kwa hiyo inapata nukuu chache, kisha inalinganishwa na wastani wa dunia wa fani hiyo, ambao umejengwa zaidi na makala za Kiingereza.

Matokeo yake, chuo kinachochapisha mengi kwa lugha yake kinashushwa wastani na makala zake zenyewe. Ukizitoa makala zisizo za Kiingereza, kinapanda. Watafiti wale wa Leiden waliona njia ya haki kwa upangaji wao wa vyuo ni kuhesabu makala za Kiingereza peke yake.

Uamuzi huo unakera, nami unanikera, lakini hesabu yake ni sahihi. Kuingizwa nusu kunaweza kukudhuru kuliko kuachwa nje kabisa. Makala yako ikiingia bila wasomaji wake kuingia, imekuja kugawanya wastani tu, haina cha kuongeza. Ndiyo maana idadi ya makala za Brazili iliporuka, nukuu kwa kila makala hazikuruka nayo; makala mpya za majarida ya nyumbani zilikuwa na nukuu chache ndani ya daftari, zikauvuta wastani chini. Waziri mwenye kupenda jumla angefurahi, na mwenye kupenda wastani angenuna, kwa tukio lilelile moja.

*

Wavu wa Google Scholar unaongeza kitu gani hasa? Swali hili lilipata jibu zuri mwaka 2018, katika kazi ya Alberto Martín-Martín na wenzake, wengi wao wa Hispania. Walichukua makala 2,299 za Kiingereza zilizochapishwa mwaka 2006 na kunukuliwa sana, kutoka fani 252. Wakakusanya kila nukuu waliyoiona katika madaftari yote matatu, jumla karibu milioni 2.5, wakalinganisha moja moja: hii imo kwa nani, imekosekana kwa nani.

Google Scholar ilikuwa na asilimia 93 hadi 96 ya nukuu zote, kutegemea eneo la elimu. Scopus ilikuwa na 35 hadi 77, Web of Science 27 hadi 73. Upana wa vipimo hivyo viwili vya mwisho ndio unaostahili kutazamwa. Pengo si la kiasi kimoja kila mahali. Katika sayansi za asili na tiba madaftari yanayochuja yanakamata nukuu nyingi. Katika fasihi, jamii na biashara yanaacha zaidi ya nusu nje. Maana yake, ukimlinganisha mwanakemia na mwanahistoria kwa Web of Science, hujalinganisha watu wawili. Umelinganisha namna daftari moja linavyozijua fani mbili.

Waliokuwa Google Scholar peke yake ni nani? Karibu nusu au zaidi hawakuwa makala za majarida: tasnifu, vitabu, mada za makongamano, maandiko ambayo hayajachapishwa. Nyingi hazikuwa za Kiingereza, na zenyewe zilikuwa zimenukuliwa kidogo. Ni dagaa, basi, kwa kiasi kikubwa. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba, pamoja na tofauti hizo zote, ukizipanga makala kuanzia ya juu hadi ya chini, mpangilio ulifanana sana katika madaftari yote matatu, isipokuwa ulilegea katika fasihi na fani za utu. Kwa hiyo kama swali lako ni makala ipi ya tiba imetikisa wenzake, daftari lolote linakutosha. Kama swali lako ni mara ngapi, au kama fani yako ni ushairi wa Kiswahili, hapo chaguo la daftari ndilo jibu lenyewe.

Lakini juya lina kokoto zake. Mwaka 2012 watafiti wa Granada, Hispania, walibuni mwandishi asiyekuwepo, wakamwita Marco Alberto Pantani-Contador, jina walilounganisha kutoka kwa waendesha baiskeli wawili waliowahi kuandamwa na kashfa za dawa za kuongeza nguvu. Wakamtungia maandiko sita ya uongo yenye marejeleo ya kazi zao wenyewe na za wenzao, wakayaweka kwenye tovuti ya chuo. Google Scholar ikayaokota. Watafiti 47 wakajikuta na nukuu mpya 774, bila mtu yeyote kusoma chochote. Daftari lisilochuja linawapa haki waliosahauliwa, na kwa mlango huohuo linaingiza ujanja.

Google Scholar ina kikwazo kingine kwa mwenye kufanya uchambuzi: haioneshi matokeo zaidi ya 1,000 kwa utafutaji mmoja, na haina njia rasmi ya kupakua data kwa wingi. Wengi hutumia programu ya Publish or Perish, ya Anne-Wil Harzing, kisha wanakaa siku mbili wakiondoa makala zilizoandikwa mara mbili mbili.

*

Turudi kwa mwanafunzi na mada yake. Tuchukue mada niliyoiona ikijaribiwa: utafiti kuhusu Kiswahili umekua vipi tangu mwaka 2000? Anafungua madaftari mawili na kuandika:

```
TS=(Swahili OR Kiswahili)
TITLE-ABS-KEY(Swahili OR Kiswahili)
```

Mstari wa kwanza ni wa Web of Science, wa pili wa Scopus. Vinafanana kama mapacha, lakini havitafuti mahali pamoja. Vyote vinapitia kichwa, ikisiri na maneno muhimu ya mwandishi. Kisha Web of Science inaongeza maneno ambayo kompyuta imeyaokota kutoka vichwa vya marejeleo ya makala, na Scopus inaongeza istilahi zilizowekwa na waorodheshaji wake. Hivyo makala ya sarufi ya Kizulu yenye marejeleo mengi ya Kiswahili inaweza kunaswa upande mmoja. Na makala ya dodoso la afya lililotafsiriwa kwa Kiswahili itanaswa pande zote mbili, ingawa mada yake ni malaria. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu tashbihi katika tenzi, isiyo na haja ya kulitaja jina la lugha yake, haitanaswa na yeyote, hata ikiwa imo.

Baada ya kutafuta, anachora mstari wa idadi ya makala kwa mwaka. Mstari unapanda, na katikati una ngazi. Mwanafunzi anaandika kwamba hamasa ya Kiswahili duniani imeongezeka. Inawezekana. Lakini ngazi, kama tulivyoona Brazili, ndiyo dalili ya kwanza ya daftari lililopanuliwa. Hamasa hupanda kwa mteremko, majarida huingia kwa mkupuo.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Unapanga makala kwa jarida na kwa mwaka, kisha unatafuta majarida yaliyoanza kuonekana ghafla mwaka ule wa ngazi. Ukikuta jarida lenye umri wa miaka thelathini likionekana mara ya kwanza mwaka huo, likiwa na toleo namba 31, umeshika mwizi. Halafu unafanya hesabu upya ukitumia majarida yale tu yaliyokuwemo tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mstari huu wa pili utakuwa mfupi, na utawakosa majarida mapya ya kweli yaliyoanzishwa katikati, kwa hiyo nao si ukweli mtupu. Ukweli uko mahali fulani kati ya mistari miwili, na msomaji anastahili kuoneshwa yote.

Hatua inayofuata ni kuunganisha orodha za madaftari hayo mawili na kuondoa makala zinazojirudia. Kawaida hutumika DOI, ile namba ya kudumu ya makala. Majarida mengi ya kwetu yamechelewa kuzitumia namba hizo, na makala za zamani mara nyingi hazina kabisa. Kompyuta ikikosa namba, ama inaihesabu makala mara mbili, ama inaitupa, kutegemea ulivyoiamuru. Ukitupa zisizo na DOI, umetupa zaidi za Dar es Salaam na Kampala kuliko za London. Hapa mimi humshauri mwanafunzi achukue makala hamsini kwa bahati nasibu kati ya zile zisizooana, azitazame kwa macho yake moja baada ya nyingine. Ni kazi ya saa tatu. Wengi hawaipendi.

Kisha yapo majarida ambayo hayamo popote kati ya hayo mawili. Orodha ya African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, inabeba mamia ya majarida ya bara hili. Si daftari la nukuu: haikwambii nani kamnukuu nani. Lakini inakupa kitu ambacho Scopus haiwezi kukupa, yaani kuona ni nini kimekosekana. Mwaka 2024 Toluwase Asubiaro na wenzake walifanya jambo la aina hiyo kwa upana wa dunia, wakilinganisha madaftari makubwa mawili na orodha kubwa ya majarida ya kila nchi. Wakakuta majarida ya Ulaya, Amerika Kaskazini na Oseania yana nafasi kubwa zaidi ya kuingizwa kuliko ya kwingine.

Tangu Januari 2022 kuna pia OpenAlex, ya bure, iliyojengwa juu ya mabaki ya daftari la Microsoft lililofungwa. Chuo kikuu cha Sorbonne cha Paris kiliacha kulipia Web of Science kuanzia mwaka 2024 na kuelekea huko. Wavu wake ni mpana, na vyuo vyetu visivyo na fedha za usajili vinaupenda kwa sababu iliyo wazi. Kasoro yake inauma mahali pengine: rekodi nyingi hazina taasisi ya mwandishi, kwa hiyo ukiuliza makala za Tanzania ni ngapi, zile zisizo na anwani zinabaki nje, kama barua zisizo na stempu.

*

Kuna aibu moja ya mwisho, ndogo, ambayo inawakuta hata maprofesa. Katika tasnifu wanaandika: data zimetoka Web of Science. Haitoshi. Chuo hakinunui Web of Science nzima. Kinanunua sehemu zake na miaka yake. Mmoja ana orodha ya sayansi tangu mwaka 1900, mwingine tangu 1990 tu. Mmoja ana orodha ya majarida yanayochipukia, mwingine hana. Wawili hao wakiandika maneno yaleyale ya utafutaji siku moja, saa moja, watapata idadi tofauti, na kila mmoja atadhani mwenzake kakosea. Weishu Liu, mtafiti wa China, aliliandikia jambo hili makala nzima mwaka 2019.

Mwanafunzi wa mada ya Kiswahili alinirudia baada ya wiki tatu. Chini ya mchoro wake sasa palikuwa na aya: sehemu zipi za daftari, za miaka ipi, tarehe ya kutafuta, maneno kamili aliyoyaandika, idadi ya makala zisizo na DOI na alizifanya nini. Mchoro ulikuwa na mistari miwili, mmoja wenye ngazi na mwingine karibu tambarare. Sentensi ya hamasa ya dunia alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza aandike nini mahali pake. Nikamwambia ahesabu kwanza majarida mangapi yaliingia mwaka ule wa ngazi. Yalikuwa manne.